Kiwango kimetoka 2 hadi 3: ni asilimia moja au asilimia hamsini?

Swali: *Nina duka la leso Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, na tunauza pia kwa tovuti. Mwisho wa Februari kijana mmoja alitutengenezea upya ukurasa wa duka. Tuliandikiana kwamba kiwango cha wageni wanaonunua kikipanda, atalipwa shilingi 3,000 "kwa kila asilimia moja ya ongezeko". Februari tulipata wageni 4,000 na oda 80. Machi, wageni 5,000 na oda 150. Mimi naona tumetoka 2 hadi 3, yaani asilimia moja, basi deni langu ni 3,000. Yeye ameleta ankara ya 150,000, ati ni asilimia 50. Mdogo wangu anasema kijana yuko sawa. Faida yangu kwa oda moja ni kama shilingi 500. Nani ana haki?*

Jibu: Dadangu, hesabu yako ni sahihi na ya kijana ni sahihi pia. Mmepima vitu viwili mkaviita kwa jina moja, na jina hilo ndilo mliloliandika kwenye mkataba.

Tuanze na watu mlangoni. Chukua wageni 100 wa Februari: wawili walinunua. Chukua wageni 100 wa Machi: watatu walinunua. Aliyeongezeka ni mnunuzi mmoja katika kila wageni mia. Huyo mmoja huitwa pointi moja ya asilimia, nawe ndiye uliyemhesabu. Kijana alitazama jambo jingine. Alimchukua huyo mmoja akamlinganisha na wale wawili wa mwanzo. Mmoja kwa wawili ni nusu, na nusu ni asilimia 50.

Asilimia siku zote inadai swali: mia ya nini? Kwako wewe, mia ni wageni walioingia tovutini. Kwa kijana, mia ni kiwango cha Februari chenyewe, kile cha 2, kilichogeuzwa kuwa kipimo. Swali hilo lisipojibiwa kwa maneno, watu wawili waaminifu watafika kwenye majibu yanayoachana mara hamsini, kama mlivyofika nyinyi.

Sababu ya mkanganyiko huu kutokea kwenye viwango, na usitokee kwenye bei, ni rahisi kuiona dukani kwako. Leso ikipanda kutoka shilingi 800 hadi 1,000, utasema imepanda shilingi 200, au utasema imepanda asilimia 25. Hakuna atakayechanganya, kwa sababu la kwanza lina shilingi na la pili lina asilimia. Lakini kiwango chenyewe tayari kinahesabiwa kwa asilimia. Ukitoa 2 katika 3, kinachobaki kinavaa nguo ileile ya asilimia, na mtu akisema "kimepanda asilimia moja" huwezi kujua anasema lipi. Neno "pointi" lipo kwa ajili hiyo tu: kuipa tofauti ya viwango viwili jina lake lenyewe.

Sasa tuje kwenye biashara, maana hapa ndipo kila kipimo kinapoonyesha kazi yake.

Oda zako ziliongezeka kutoka 80 hadi 150, yaani oda 70. Si zote zilizotokana na ukurasa mpya. Wageni wenyewe waliongezeka 1,000, na hata kama ukurasa ungebaki wa zamani, wageni hao 1,000 wangenunua kwa kiwango kilekile cha 2 katika mia, yaani oda 20. Kisha wageni wote 5,000 wa Machi walinunua kwa pointi moja zaidi. Pointi moja katika wageni 5,000 ni oda 50. Ishirini na hamsini ni sabini, hesabu imefunga.

Tazama nilichozidisha. Nimechukua pointi nikazizidisha kwa wageni nikapata oda. Pointi ndizo zinazokupeleka kwenye oda, na oda ndizo zinazokupeleka kwenye shilingi. Ile asilimia 50 huwezi kuizidisha hivyo. Ukiizidisha kwa wageni 5,000 utapata oda 2,500, idadi ambayo duka lako halijaiona. Nimewahi kukuta watu wakiagiza mzigo kwa hesabu ya namna hiyo.

Asilimia 50 nayo ina kazi yake. Yenyewe huzidishwa na ongezeko jingine la aina yake. Wageni waliongezeka kwa robo, yaani walikuwa mara 1.25 ya Februari. Kiwango kiliongezeka kwa nusu, yaani kikawa mara 1.5. Zidisha 1.25 kwa 1.5 upate 1.875, na oda 80 ukizizidisha kwa 1.875 ni 150 kamili. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua ni kipi kilichosukuma mauzo zaidi, wingi wa wageni au ukurasa mpya, atahitaji asilimia za kijana. Anayetaka kujua aweke mzigo kiasi gani na alipe nani kiasi gani, atahitaji pointi.

Turudi kwenye ankara. Nitasema wazi hata kama halitakufurahisha: kwa lugha ya hesabu peke yake, maneno mliyoandika yanamwelekea kijana. "Asilimia moja ya ongezeko" la kiwango, bila neno pointi, mtu wa hesabu huisoma kuwa sehemu moja ya mia ya kiwango cha zamani. Mdogo wako amesoma sawa.

Lakini kauli hiyo ilibeba malipo, na malipo yanaweza kujaribiwa kwa faida. Oda zote 150 za Machi, kwa faida ya shilingi 500 kila moja, zilikuletea shilingi 75,000. Ankara ni 150,000. Hakuna mfanyabiashara anayekubali kulipa mara mbili ya faida yake yote ya mwezi kwa kazi iliyomletea oda 50 za ziada, ambazo faida yake ni 25,000. Kijana akiziona tarakimu hizi tatu mezani ataelewa kwamba haikuwa nia ya yeyote kati yenu.

Kuna kasoro nyingine kubwa zaidi ndani ya usomaji wake, na hii ningependa umwonyeshe kwa upole. Tuseme duka lako lingekuwa dhaifu, kiwango cha Februari kikawa 0.5 na cha Machi 1.5. Bado ni pointi moja, bado ni oda 50 kwa wageni 5,000, bado faida ni 25,000. Lakini kutoka 0.5 hadi 1.5 ni ongezeko la asilimia 200, na ankara ingekuwa shilingi 600,000. Duka likiwa imara, likatoka 10 hadi 11, oda za ziada ni hizohizo 50, ila ongezeko ni asilimia 10 na ankara ni 30,000. Manufaa ni yaleyale, malipo yanaruka kutoka 30,000 hadi 600,000, na anayelipa zaidi ni yule aliyeanza vibaya. Kila mara msingi ukiwa mdogo, asilimia ya ongezeko hufura. Ukisikia mtu anajisifu kwamba kiwango kimepanda asilimia 200, muulize kwanza kilianzia wapi.

Hata hivyo usomaji wako wewe nao haukumtendea haki kila mahali. Shilingi 3,000 kwa pointi moja haitazami idadi ya wageni. Tovuti ikipata wageni 500 tu, pointi moja ni oda 5, faida 2,500, na utakuwa unalipa zaidi ya ulichopata. Ikipata wageni 50,000, pointi moja ni oda 500, faida 250,000, na kijana anaondoka na 3,000 mkononi. Mkataba wenu una kasoro kwa pande zote mbili, na ndiyo maana sikushauri ung'ang'anie 3,000 kana kwamba haki yote iko kwako.

Huenda unajiuliza kijana aliipata wapi hiyo asilimia 50, nawe ukaipata wapi yako moja, maana pengine hakuna kati yenu aliyekaa na kalamu. Mara nyingi ni mashine ndizo zinazowagawa watu. Kwenye jedwali la Excel, tuseme kiwango cha Februari kiko seli B2 na cha Machi kiko B3, zote zimewekwa alama ya asilimia. Fomula hizi mbili huandikwa hivi:

```
=B3-B2
=(B3-B2)/B2
```

Seli za majibu nazo zikiwekwa alama hiyo, ya kwanza hutoa tofauti, nayo itaonekana kama 1%. Ya pili hulinganisha na mwanzo, nayo itaonekana kama 50%. Jedwali halina alama ya pointi. Limeziwekea zote mbili alama ileile, na anayepokea picha ya jedwali kwa simu hawezi kutofautisha. Mimi huandika ya kwanza kwa namna nyingine, `=(B3-B2)*100`, naiondolea seli alama ya asilimia, kisha juu ya safu naandika "pointi". Nayo ripoti za tovuti, zile zenye mshale wa kijani au mwekundu pembeni ya kiwango, kwa kawaida huonyesha ulinganisho na mwezi uliopita, sio pointi. Usibahatishe. Chukua viwango viwili vilivyoandikwa, toa, kisha gawanya kwa kile cha zamani, uone ni jibu lipi kati ya hayo mawili linalolingana na lililo kando ya mshale.

Katika kukagua hivyo utakutana na mtego wa tarakimu zilizofupishwa. Jedwali lisiloonyesha nukta litaandika 2% kwa kiwango cha 2.4, na litaandika 3% kwa kiwango cha 2.6. Machoni ni kutoka 2 hadi 3, nusu nzima. Kwa kweli ni pointi 0.2, na ulinganisho ni kama asilimia 8 tu. Kwako halijatokea, kwa sababu umeniletea wageni na oda wenyewe: 80 kwa 4,000 ni 2 kamili, na 150 kwa 5,000 ni 3 kamili. Endelea hivyohivyo. Mtu akikuletea kiwango peke yake, mwombe idadi mbili zilizokizaa.

Hasara ya kosa hili niliionja mwenyewe, na upande niliokosea ulikuwa wa kushuka. Nilikuwa nikiwasomea takwimu hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Ripoti ya mwezi ikaja na sentensi kwamba kiwango cha wageni wanaokamilisha kuweka nafasi kwenye tovuti "kimeshuka asilimia 2". Niliisoma kama ulinganisho: kama kilikuwa 4, basi sasa ni 3.92, mtikisiko wa kawaida usiostahili simu. Aliyeandika alimaanisha pointi. Kiwango kilikuwa kimetoka 4 hadi 2. Nusu ya watu waliokuwa wakimaliza kuweka nafasi walikuwa wanaachia njiani, kwa sababu ukurasa wa kuthibitisha malipo haukuwa ukifunguka kwenye baadhi ya simu. Zilipita wiki sita kabla ya mhasibu kuuliza kwa nini vyumba ni vitupu. Ripoti ile ilikuwa mbele yangu muda wote, na sentensi moja zaidi, "kutoka 4 hadi 2", ingetosha kuniamsha siku ileile. Tangu hapo sisaini ripoti yoyote isiyotaja vyote viwili, kiwango kilikotoka na kilikofika.

Kushuka kuna jambo jingine la kuangalia. Tuseme Aprili kiwango chako kinarudi kutoka 3 hadi 2. Kwa pointi, umepanda moja na umeshuka moja, umerudi ulipoanza. Kwa asilimia, ulipanda 50 na umeshuka 33, kwa sababu safari ya kushuka inapimwa kwa 3, ile ya kupanda ilipimwa kwa 2. Mtu asiyelijua hili ataona ripoti mbili na kudhani bado una faida ya asilimia 17, kumbe huna kitu. Sisi Wakenya tulipitia mfano wake kwenye ushuru wa ongezeko la thamani. Aprili 2020 ulipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ukarudishwa 16. Pointi mbili chini, pointi mbili juu. Lakini punguzo lile lilikuwa asilimia 12.5 ya ushuru wa awali, na kurudi kwake kulikuwa nyongeza ya karibu asilimia 14.3. Na Julai 2023, ushuru huo kwenye mafuta ya petroli ulipotoka 8 hadi 16, ziliongezwa pointi 8, na kiwango kikawa kimeongezeka asilimia 100, mara mbili ya kilivyokuwa. Anayesema "umepanda asilimia 8" tu amemficha msikilizaji habari, hata kama hakukusudia.

Kabla hujakaa na kijana, jipe hakika kwamba ile pointi moja ni ya kweli na haikuletwa na bahati. Njia ya haraka ni kipeuo cha pili cha oda. Kipeuo cha 80 ni karibu 9, kwa hiyo Februari yako ingeweza kuyumba bila sababu yoyote kati ya oda 71 na 89. Kipeuo cha 150 ni kama 12, yaani kati ya 138 na 162. Ukizigeuza kuwa viwango, Februari iko kati ya 1.8 na 2.2, Machi iko kati ya 2.8 na 3.2, na baina yao pana nafasi. Kwako tofauti imesimama. Lau ungekuwa na wageni 400 na oda 8, kisha wageni 500 na oda 15, bado ungesema pointi moja, bado kijana angesema asilimia 50, lakini viwango vingekuwa vinapishana na nisingekubali shilingi hata moja ilipwe kwa mwezi mmoja wa namna hiyo.

Lakini kipeuo hakikuambii sababu ni nini. Kama Machi yenu iliangukia kwenye wiki za kuelekea Idi, unajua vyema kuliko mimi jinsi Mtaa wa Biashara unavyojaa siku hizo. Anayeingia tovutini kabla ya Idi ameshaamua kununua, na angenunua hata kwenye ukurasa wa zamani. Kulinganisha na Machi ya mwaka jana hakutatosha, maana Idi hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka. Hesabu wiki nne kabla ya Idi ya mwaka jana, na wiki nne kabla ya Idi ya mwaka huu, ulinganishe hizo. Kiwango cha mwaka jana katika wiki hizo kikiwa tayari kilikuwa 2.7, basi sehemu ya ukurasa mpya ni pointi 0.3, oda 15 katika zile 50, na zinazobaki ni za sikukuu.

Kwa Machi ningekushauri umlipe zaidi ya 3,000, ufungue mazungumzo kwenye ile faida ya 25,000 iliyoletwa na oda 50, na mkubaliane fungu lake kutoka hapo baada ya kuitoa hesabu ya Idi. Halafu futeni neno asilimia kwenye mkataba, muandike oda. Kwa mfano hivi:

"Kila mwezi tutahesabu oda 2 kwa kila wageni 100 wa tovuti kuwa ni za kawaida. Kila oda itakayozidi hapo italipiwa shilingi 100. Wageni na oda zitahesabiwa kwenye ripoti ya tovuti, tarehe 1 ya mwezi unaofuata, pande zote mbili zikiwepo. Wiki nne kabla ya Idi, oda za kawaida zitahesabiwa kwa kiwango cha wiki hizo za mwaka uliotangulia."

Jaribu kuipitisha Machi yenu humo, tukiacha kifungu cha Idi kwa sasa. Wageni 5,000, oda za kawaida 100, zilizokuja 150, zilizozidi 50, malipo shilingi 5,000. Wageni wakiwa 50,000 na kiwango kikabaki 3, zilizozidi ni 500 na malipo ni 50,000, nawe utakuwa umepata faida ya 250,000 kwa oda hizo.